Tarakimu ya nne ya sini ya nyuzi 20

Fungua kitabu cha majedwali ya hisabati, kile cha tarakimu nne ambacho wanafunzi wa sekondari wa Tanzania na Kenya huingia nacho kwenye chumba cha mtihani. Tafuta ukurasa wa sini, shuka hadi nyuzi 20, na utasoma 0.3420. Maana yake ni hii: katika pembetatu yenye pembe mraba, ikiwa moja ya pembe zilizobaki ni nyuzi 20 na upande mrefu kuliko zote ni mita 1, upande unaotazamana na pembe hiyo ya nyuzi 20 utakuwa na urefu wa mita 0.3420. Fundi anayepaua nyumba kwa mwinamo wa nyuzi 20, akiwa na pao la mita 5, anazidisha 5 kwa 0.3420 na kupata kwamba paa litapanda mita 1.71.

Namba hiyo haikupatikana kwa rula. Ili uipate kwa kupima, ungelazimika kuchora pembetatu yenye upande wa mita nzima na kuusoma upande mwingine bila kukosea hata sehemu ya kumi ya milimita, huku pembe yenyewe nayo ikiwa imechorwa kwa usahihi wa namna hiyo. Majedwali ya sini yalikokotolewa kwenye karatasi, kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Swali linalonishughulisha hapa si tu jinsi mkokotoaji alivyoipata 0.3420, bali jinsi alivyojua kwamba tarakimu ya nne ni 0 kweli. Kwa nini si 0.3419? Kwa nini si 0.3421? Hakuwa na jibu sahihi pembeni la kulinganishia. Angekuwa nalo, asingekuwa na haja ya kukokotoa.

Sini ni kanuni inayopokea namba moja na kutoa nyingine: unaipa pembe, inakupa uwiano wa pande. Kanuni za aina hiyo wanahisabati huziita funksheni. Ugumu wake ni kwamba ukiipa pembe holela, hakuna njia fupi ya kuifikia thamani yake kamili kwa matendo manne ya hesabu tunayoyajua tangu shule ya msingi. Polinomia, kwa upande wake, ni funksheni iliyojengwa kwa matendo hayo tu. Ukiwa na x, unaizidisha kwa yenyewe mara kadhaa, unagawanya kwa namba fulani, unajumlisha na kutoa, basi. Kazi ya mkokotoaji ni kuijenga polinomia inayofanana sana na sini katika eneo analolihitaji, aikokotoe hiyo, kisha athibitishe kwamba pengo lililobaki kati ya polinomia na sini ni dogo kuliko kiasi fulani anachoweza kukitaja. Pengo hilo huitwa baki. Sehemu ya kwanza ya kazi ni ujenzi, na ya pili ni dhamana. Wengi hufundishwa ya kwanza wakaishia hapo.

Kabla ya kujenga, tuache kupima pembe kwa nyuzi. Chukua duara lenye nusukipenyo cha 1, na uipime pembe kwa urefu wa kipande cha mzingo kinachokatwa na pembe hiyo. Nusu duara, yaani nyuzi 180, ina urefu wa π. Nyuzi 20 ni sehemu ya tisa ya nyuzi 180, kwa hiyo ni π/9, sawa na 0.3490659. Kipimo hiki huitwa radiani. Kinatumika kwa sababu kinaifanya kasi ya kubadilika kwa sini iwe kosini bila namba nyingine yoyote ya kuzidishia, na kasi ya kubadilika kwa kosini iwe sini yenye alama ya kutoa. Ukibaki na nyuzi, kila hatua itakuja na namba ya ziada ya kubeba.

Sasa ujenzi. Pale pembe ilipo sifuri, sini ni 0, na kasi yake, ambayo ni kosini ya sifuri, ni 1. Kasi ya hiyo kasi ni 0, na kasi ya ngazi ya tatu ni −1. Kisha mzunguko unajirudia: 0, 1, 0, −1, bila mwisho. Tunataka polinomia ambayo, pale kwenye sifuri, ina thamani hiyohiyo, kasi hiyohiyo, kasi ya kasi hiyohiyo, na kuendelea hadi ngazi tutakayochagua. Kipande cha x peke yake kinatupa kasi ya 1. Ili kupata −1 kwenye ngazi ya tatu, tunahitaji kipande cha x³. Kasi ya x³ ni 3x², kasi ya hiyo ni 6x, na kasi ya hiyo ni 6. Tulitaka −1, tumepata 6, kwa hiyo tunagawanya kwa 6 na kuweka alama ya kutoa. Kwa x⁵ hesabu hiyohiyo inazaa 120, ambayo ni 5 × 4 × 3 × 2 × 1. Kwa x⁷ inazaa 5040. Hivyo tunapata:

x − x³/6 + x⁵/120 − x⁷/5040 + …

Ukikata kwenye x³, una polinomia ya daraja la tatu. Ukikata kwenye x⁵, ya daraja la tano. Mpaka hapa hatujathibitisha kitu chochote kuhusu nyuzi 20. Tumelinganisha mambo yaliyopo kwenye sifuri tu, na kulingana kwenye sifuri si ahadi ya kulingana mahali pengine.

Dhamana inaanza na jambo moja dogo lisilo na ubishi: kosini haizidi 1 kamwe. Kutoka hapo tunapanda hatua kwa hatua, na kila hatua inatumia hoja ileile. Fikiria wasafiri wawili waliotoka kituo kimoja kwa wakati mmoja. Ikiwa hakuna dakika hata moja ambayo kasi ya wa kwanza ilizidi kasi ya wa pili, basi wa kwanza hawezi kuwa mbele ya wa pili, wakati wowote utakaouchagua. Hoja ni hiyo tu.

Kasi ya sini ni kosini. Kasi ya x ni 1. Kosini haizidi 1, na zote mbili zinaanzia sifuri, kwa hiyo sini x haizidi x. Hatua ya pili: chukua 1 − kosini x. Kasi yake ni sini x. Chukua pia x²/2, ambayo kasi yake ni x. Tumeshaonyesha kwamba sini x haizidi x, na zote mbili zinaanzia sifuri, basi 1 − kosini x haizidi x²/2. Kwa maneno mengine, kosini x haishuki chini ya 1 − x²/2. Hatua ya tatu: kasi ya sini ni kosini, na kosini haishuki chini ya 1 − x²/2, ambayo ndiyo kasi ya x − x³/6. Kwa hiyo sini x haishuki chini ya x − x³/6.

Tazama kilichotokea. Sini x sasa imebanwa. Juu yake kuna x, chini yake kuna x − x³/6. Endelea kupanda kwa hoja ileile na utapata kwamba sini haizidi x − x³/6 + x⁵/120, kisha kwamba haishuki chini ya x − x³/6 + x⁵/120 − x⁷/5040. Polinomia zinapokezana: moja iko juu ya sini, inayofuata iko chini yake, na nafasi katikati inazidi kuwa nyembamba. Haya yote ni kweli kwa kila x iliyo chanya, na hakuna mahali tulipokadiria kwa macho au kusema "inaelekea kuwa".

Tuweke sasa nyuzi 20, yaani x = 0.3490659. Kipande cha x³/6 ni 0.0070888. Kipande cha x⁵/120 ni 0.0000432. Kipande cha x⁷/5040 ni 0.000000125. Polinomia ya daraja la tatu inatoa 0.3419771. Ya daraja la tano inatoa 0.3420203. Ya daraja la saba inatoa 0.3420201.

Hapa ndipo kazi ya mkokotoaji makini inapotofautiana na ya mtu mwenye haraka. Mwenye haraka anaichukua 0.3419771, anaikadiria hadi tarakimu nne, anapata 0.3420 na kufunga daftari. Amepata jibu sahihi, lakini hana haki ya kulidai. Tuseme anachojua kuhusu polinomia yake ni kwamba kosa halizidi kipande kinachofuata, yaani 0.0000432, bila kujua kosa liko upande gani. Basi sini ya nyuzi 20 iko mahali fulani kati ya 0.3419339 na 0.3420203. Ndani ya nafasi hiyo kuna namba 0.34195, ambayo ndiyo mpaka: kila kilicho chini yake kinakadiriwa kuwa 0.3419, na kila kilicho juu yake kinakadiriwa kuwa 0.3420. Mpaka ukishaangukia ndani ya nafasi ya mashaka, tarakimu ya nne haijathibitishwa, hata kama kosa lenyewe ni dogo kuliko nusu ya uniti ya tarakimu hiyo. Nimeona watu waliosoma hisabati vizuri wakichanganya mambo haya mawili. Kosa kuwa chini ya 0.00005 hakukupi tarakimu nne sahihi. Kinachokupa ni ncha zote mbili za nafasi yako kukadiriwa kuwa namba moja.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kuongeza kipande kimoja. Polinomia ya daraja la tano ina kosa lisilozidi 0.00000013, kwa hiyo sini iko kati ya 0.3420201 na 0.3420204. Ncha zote mbili zinatoa 0.3420. Ya pili ni kutumia kile tulichokijua kwenye kupanda kwetu, kwamba sini iko juu ya polinomia ya daraja la tatu na chini ya ile ya daraja la tano. Basi iko kati ya 0.3419771 na 0.3420203, na zote mbili zinakadiriwa kuwa 0.3420. Kujua upande wa kosa kumekata nusu ya nafasi ya mashaka, na nusu iliyokatwa ndiyo iliyokuwa na mpaka ndani yake. Tarakimu ya nne ni 0, na sasa tunaweza kuiandika.

Mfululizo huu wa vipande ulijulikana katika Kerala, kusini-magharibi mwa India, kabla haujaandikwa Ulaya. Wanahisabati wa huko waliumpa sifa hiyo Madhava wa Sangamagrama, aliyeishi katika karne ya 14 na mwanzo wa karne ya 15, na hoja zake zilielezwa kwa Kimalayalam katika karne ya 16 na Jyesthadeva katika kitabu chake, Yuktibhasha. Huko Uingereza, Brook Taylor aliichapisha mwaka 1715 njia ya jumla ya kujenga polinomia kwa kulinganisha kasi, na ndiyo maana polinomia hizi huitwa za Taylor. Alichokiacha Taylor ni baki. Alionyesha jinsi ya kujenga, hakusema pengo ni kubwa kiasi gani ukikata njiani. Jibu la swali hilo katika sura tunayoitumia leo lilitolewa na Joseph-Louis Lagrange mwaka 1797, zaidi ya miaka 80 baadaye.

Kanuni ya Lagrange inafanya kwa funksheni nyingine kile ambacho wasafiri wetu walifanya kwa sini. Tuseme umejenga polinomia ya daraja n kuanzia sifuri. Tafuta kasi ya ngazi ya n+1 ya funksheni yako, halafu utafute namba M ambayo kasi hiyo haiizidi popote kati ya sifuri na x, bila kujali alama yake. Basi ukubwa wa baki hauzidi

M × xⁿ⁺¹ / (n+1)!

ambapo (n+1)! ni namba inayopatikana kwa kuzidisha namba zote kuanzia 1 hadi n+1. Kwa sini kazi ni nyepesi, kwa sababu kasi za ngazi zote ni sini au kosini zenye alama hii au ile, na hakuna hata moja inayozidi 1. M ni 1 daima. Kuna na zawadi ndogo juu yake: polinomia ya daraja la tano ya sini ni ya daraja la sita pia, kwa kuwa kipande cha x⁶ ni sifuri, kwa hiyo unaruhusiwa kuruka hadi x⁷.

Kwa funksheni nyingine M ndipo makosa yanapozaliwa. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuichukua M pale kwenye sifuri alikojengea polinomia, badala ya kuitafuta katika safari yote kutoka sifuri hadi x. Tuchukue mfano unaoweza kuufuata kwa kalamu. Namba e, ambayo ni msingi wa logi asilia, ni thamani ya eˣ pale x ilipo 1. Kasi ya eˣ ni eˣ yenyewe, na ya ngazi ya pili vivyo hivyo, hadi ngazi zote. Kwenye sifuri zote ni 1. Polinomia ya daraja la saba pale x = 1 inatoa 2.7182540. Mtu anayeichukua M kuwa 1 atasema kosa halizidi 1 gawanya kwa 40320, yaani 0.0000248. Lakini e ni 2.7182818, na kosa halisi ni 0.0000279. Dai lake ni la uongo. Si kwamba limekosa ustadi, limevunjika kabisa: kosa limepita mpaka aliosema haliwezi kuupita.

Hesabu iliyo sawa ni kuuliza eˣ inafika wapi kwa ukubwa kati ya 0 na 1. Inafika e, namba ileile tunayoitafuta, na hapo mtu anaweza kudhani tumeingia kwenye mduara usio na mlango. Hatuhitaji kuijua e. Tunahitaji namba yoyote tunayoweza kuthibitisha kwamba e haiizidi. Vipande vya e ni 1 + 1 + 1/2 + 1/6 + 1/24 na kuendelea, na kuanzia cha nne kila kimoja ni kidogo kuliko kinacholingana nacho katika 1 + 1 + 1/2 + 1/4 + 1/8 na kuendelea, ambayo jumla yake ni 3. Kwa hiyo e ni pungufu ya 3. Weka M = 3, na kosa halizidi 0.0000744. Mpaka huu ni mpana karibu mara tatu ya kosa lenyewe. Upana huo si aibu. Mpaka mpana ulio wa kweli una thamani kuliko mpaka mwembamba uliovunjika, na ukitaka kuubana, ongeza kipande kimoja: daraja la nane linaugawanya kwa 9.

Sasa jambo ambalo kanuni ya Lagrange haisemi, na ambalo limeharibu hesabu nyingi zilizofanywa vizuri. Baki ni pengo linalotokana na kukata vipande. Halijui lolote kuhusu usahihi wa x uliyoanza nayo. Shuleni wengi wetu tulizoea kuiandika π kuwa 3.14 au 22/7. Tuone zinafanya nini kwa nyuzi 20. Ukitumia 3.14, x inakuwa 0.3488889, na sini yake, hata uikokotoe kwa vipande mia, ni 0.34185, ambayo inakadiriwa kuwa 0.3419. Ukitumia 22/7, x inakuwa 0.3492063, na sini yake ni 0.34215, inayokadiriwa kuwa 0.3422. Zote mbili zimekosa tarakimu ya nne, moja kwa chini na nyingine kwa juu, huku baki la polinomia likiwa dogo kupindukia. Hesabu ilikuwa sawa, ila ni sini ya pembe nyingine.

Dawa yake inatokana na hatua ya kwanza ya kupanda kwetu. Kasi ya sini haizidi 1, kwa hiyo kosa lililo kwenye x haliwezi kukua linapopita kwenye sini. Ukitaka sehemu hii ya kosa isizidi 0.000001, ijue x hadi kosa lisilozidi 0.000001. Kisha kuna kosa la tatu, la kukata tarakimu unapoandika kila kipande. Ukiandika vipande vitatu kwa tarakimu saba kila kimoja, kila kimoja kinaweza kukosea kwa nusu ya uniti ya tarakimu ya saba, na vitatu kwa pamoja kwa 0.00000015. Mpaka wa kweli wa jibu lako ni jumla ya makosa yote matatu. Mkokotoaji anayetaja la kwanza peke yake hajamaliza kazi.

Jedwali zima halina nyuzi 20 tu. Kadiri x inavyokua, dhamana inalegea, na inalegea kwa kasi. Kwa polinomia ya daraja la saba mpaka wa baki ni x⁹/362880. Kwenye nyuzi 45 hiyo ni 0.0000003, ambayo inatosha kabisa kwa tarakimu nne. Kwenye nyuzi 90 pembe imekuwa maradufu, lakini mpaka umekuwa mkubwa mara 512, kwa sababu 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara tisa ni 512. Unafika 0.00016, na tarakimu ya nne imepotea. Ndiyo maana hakuna mkokotoaji mwenye busara anayevuka nyuzi 45 kwa polinomia hii. Sini ya nyuzi 70 ni kosini ya nyuzi 20, na kosini ina polinomia yake, tuliyoiona ikizaliwa katikati ya hatua zetu. Kwa sini na kosini pamoja, kutoka 0 hadi 45, unaupata mzunguko wote.

Na ukisahau radiani ukaweka 20 yenyewe mahali pa x? Polinomia ya daraja la tano itakujibu 25353, kitu ambacho hakiwezi kuwa sini ya pembe yoyote. Mpaka wa baki nao utakuwa takriban 253968, yaani utakuambia waziwazi kwamba jibu hilo halina dhamana. Hilo ndilo jema la kuukokotoa mpaka kila mara, hata pale unapodhani hauhitajiki.

Kuna mahali pabaya zaidi, ambapo polinomia haionyeshi dalili yoyote ya ugonjwa. Katika miaka ya 1820 Augustin-Louis Cauchy aliwaonyesha wenzake funksheni ambayo thamani yake ni e yenye kipeo −1/x², na kwenye sifuri tunaipa thamani ya 0. Kwenye sifuri kasi yake ni 0, kasi ya kasi ni 0, na ngazi zote bila mwisho ni 0. Kwa hiyo polinomia yake ya Taylor ni sifuri tupu, ya daraja lolote utakalo. Lakini pale x ilipo 0.5, funksheni yenyewe ni 0.0183. Ongeza daraja hadi elfu, polinomia itaendelea kusema 0, na baki litaendelea kuwa 0.0183, yaani funksheni nzima. Mtu anayesimamisha hesabu pale vipande vipya vinapokuwa vidogo sana angesimama hapa mara moja, akiwa ameridhika. Udogo wa kipande kinachofuata ni dhamana pale tu ulipothibitisha kwamba ni dhamana, kama tulivyofanya kwa sini.

Kompyuta za leo hazitumii polinomia ya Taylor kama ilivyo. Polinomia ya Taylor inalundika usahihi wake karibu na sifuri na kuacha kosa kubwa ukingoni, wakati mwenye jedwali anataka kosa lisambazwe sawasawa. Maktaba ya fdlibm, iliyoandikwa Sun Microsystems mwaka 1993 na ambayo imekuwa msingi wa programu nyingi, inakokotoa sini kwa polinomia ya daraja la 13 kati ya nyuzi −45 na 45. Kwenye x³ haikuweka −1/6 kamili, bali -1.66666666666666324348e-01, namba inayoiacha −1/6 kwenye tarakimu ya kumi na sita tu. Badiliko hilo dogo, pamoja na mengine kwenye vipande vinavyofuata, yanalisawazisha kosa katika eneo lote. Na kwenye msimbo wenyewe, juu ya hesabu, waandishi wake wameandika mpaka: tofauti kati ya sini x gawanya kwa x na kile wanachokikokotoa haizidi 2 yenye kipeo −58.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, chukua nyuzi 35, yaani x = 0.6108652. Daraja la tatu litakupa 0.5729, na safari hii jibu si sahihi, tofauti na ilivyokuwa kwa nyuzi 20. Kokotoa daraja la tano na la saba, andika moja kama ncha ya juu na nyingine kama ncha ya chini, kisha ndipo ufungue kitabu cha majedwali. Na mwalimu anayefundisha somo hili, namwomba asikubali kutoka kwa mwanafunzi namba moja. Adai mbili, ya chini na ya juu, na sababu ya kila moja.